Nani Anyweshwe Dawa, Nani Aachwe: Hotuba kwa Wafugaji wa Mbuzi na Kondoo, Pongwe, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na ndugu zangu wafugaji, asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Namshukuru mwenyekiti kwa kunipa nafasi, nawashukuru na ninyi mlioacha shughuli zenu mkaja, wengine kutoka mbali, Muheza na Mkinga.

Nimekuja na jambo moja. Unapoingia zizini na chupa ya dawa ya minyoo mkononi, ni mbuzi yupi anyweshwe na ni yupi aachwe? Najua desturi yetu hapa pwani. Masika ikianza, mtu ananunua chupa, anapanga mifugo yote mlangoni, ananywesha mmoja baada ya mwingine hadi zizi limalizike. Mwezi ukigeuka, anarudia. Zamani ilifaa, na mbuzi walinawiri. Sasa wengi wenu mnaniambia dawa siku hizi ni maji, mbuzi ananyweshwa leo na wiki ya tatu anavimba chini ya taya. Dawa feki zipo, sikatai. Lakini mara nyingi dawa ni nzima kabisa. Minyoo ndiyo iliyobadilika, na iliyoibadilisha ni hiyo desturi yetu ya kunywesha zizi zima.

Tuanze na mnyoo mwenyewe. Mifugo wetu wana minyoo ya aina nyingi, ila anayeua zaidi katika joto na unyevu wa pwani ni yule anayekaa tumbo la nne, wataalamu humwita hemonkasi. Mliowahi kuchinja mbuzi aliyedhoofu mkapasua tumbo hilo mara moja, likiwa bado la moto, mmemwona: mwembamba, urefu wa sentimita 2 hadi 3, jike lake lina mstari mwekundu na mweupe uliojisokota mwili mzima. Ule wekundu ni damu ya mbuzi wako. Mnyoo mmoja humpotezea mbuzi damu kidogo mno, kama sehemu ya 20 ya mililita moja kwa siku. Lakini minyoo 1,000 ni mililita 50 kila siku, yaani kikombe kidogo cha kahawa, na mbuzi wa kilo 24 damu yake yote haifiki lita 2.

Jike la mnyoo huyu hutaga maelfu ya mayai kwa siku, 5,000 na kuendelea. Mayai hutoka na kinyesi. Penye joto na unyevu, ndani ya wiki moja hivi yamekwisha kuanguliwa na kuwa mabuu yanayopanda kwenye majani pamoja na umande, mengi yakibaki sentimita 5 za chini. Mbuzi akila majani hayo, wiki tatu baadaye minyoo mipya imekomaa na kuanza kutaga. Ndiyo maana mwezi mmoja baada ya masika kushika kasi, mizoga inaanza.

Sasa usugu unatoka wapi? Katika minyoo 1,000 iliyomo tumboni, huenda michache imezaliwa na asili ya kuhimili dawa fulani. Haikujifunza, imezaliwa hivyo. Ukimnywesha mbuzi, inayodhurika hufa na hiyo michache inabaki. Kwa wiki mbili tatu zinazofuata, mayai yote yanayodondoka malishoni kutoka kwa mbuzi huyo ni ya minyoo sugu peke yake. Ukiwa umenywesha mbuzi mmoja, hapana neno, kwa sababu wenzake ambao hawakunywa wanaendelea kumwaga mayai ya minyoo inayouawa na dawa. Aina zote mbili zinachanganyika malishoni, zinazaana, na minyoo sugu inabaki michache. Ukinywesha zizi zima, umewafuta washindani wake wote. Malisho yanabaki kuwa shamba la minyoo sugu.

Baya zaidi ni kunywesha zizi zima katikati ya kiangazi, Januari na Februari, halafu kuwahamishia mifugo kwenye malisho mapya. Jua la miezi hiyo huua mabuu mengi majanini, hivyo minyoo karibu yote iliyobaki hai imo matumboni. Ukiwanywesha wote wakati huo, kizazi cha masika yajayo kinatoka kwa ile iliyoshinda dawa. Tulifundishwa hivyo na sisi tuliwafundisha hivyo, na ulikuwa ushauri wa nia njema. Leo nawaomba muuache.

Kwa hiyo mbuzi tunayemwacha bila dawa ana kazi. Anatunza minyoo ambayo dawa bado inaiweza. Najua inauma kusikia hivyo, maana mfugaji anataka zizi lisilo na mnyoo hata mmoja. Zizi la namna hiyo halipo katika mifugo inayochunga. Na tena minyoo haikugawanywa sawa: katika kundi, wanyama wachache, kiasi cha robo hivi, ndio wanaobeba sehemu kubwa ya minyoo yote. Hao ndio wa kunyweshwa. Tutawajuaje?

Tutawajua kwa kope. Kwa kuwa mnyoo huyu kazi yake ni damu, aliyezidiwa hupungukiwa damu, na damu ikipungua, utando wa ndani wa kope la chini hupauka. Madaktari wa mifugo wa Afrika Kusini walibuni kadi miaka ya 1990, inaitwa FAMACHA, yenye picha za rangi tano. Namba 1 ni nyekundu iliyokolea, namba 2 nyekundu iliyofifia, namba 3 waridi, namba 4 waridi iliyopauka, namba 5 nyeupe. Itumieni kadi yenyewe. Picha ya simu hubadili rangi, na kumbukumbu ya mtu hubadilika pia: ukishaona mbuzi kumi waliopauka, wa kumi na moja aliyepauka kidogo utamwona mzima.

Namna ya kuangalia ni hii, na tukimaliza hapa tutaifanya kwa mikono. Mtoe mnyama juani, siyo ndani ya banda wala chini ya mwembe. Mtu mmoja amshike kichwa. Kwa kidole gumba cha mkono wa juu, lifunike jicho kwa kope la juu, kisha bonyeza taratibu hadi uhisi jicho linarudi ndani kidogo. Kwa kidole gumba cha mkono mwingine, vuta kope la chini. Utando utachomoza wenyewe. Linganisha na kadi haraka, ndani ya sekunde chache, kwa sababu kope likikaa wazi linawasha na kuwa jekundu, nawe utadanganyika. Angalia lile tandiko la chini, lenye wekundu uliolala. Usiangalie ule utando mwingine mdogo ulio pembeni karibu na pua. Fanya macho yote mawili. Yakitofautiana, chukua lililopauka zaidi. Ukisita kati ya 3 na 4, andika 4.

Wenye 4 na 5 wanyweshwe siku hiyo hiyo, bila mjadala. Wenye 1 na 2 waachwe. Wenye 3 ndio wanaohitaji akili ya mfugaji: kama ni mbuzi mchanga, au mwenye mimba kubwa, au anayenyonyesha, au amekonda mgongo unahesabika, mnyweshe. Na kama wenye 4 na 5 wamezidi mmoja katika kila kumi wa kundi lako, basi wanyweshe wenye 3 wote, kwa sababu malisho yamekwisha chafuka na hao wanakwenda kuwa 4 muda si mrefu. Masika na vuli rudia kila wiki mbili. Kiangazi, kila wiki nne hadi sita zinatosha. Usiruke zamu ya masika, kwani mbuzi anaweza kutoka 2 hadi 4 kabla mwezi haujaisha.

Niwape zizi moja kwa hesabu zake. Liko upande wa Amboni, mbuzi 32, mwenyewe ni mama mmoja ambaye alikuwa akinywesha wote albendazoli kila mwezi. Tulikagua katikati ya Aprili. Wenye namba 1 walikuwa 7, namba 2 walikuwa 12, namba 3 walikuwa 8, namba 4 wakawa 4, na mmoja alikuwa 5, jike anayenyonyesha mapacha, kope lake jeupe kabisa na taya limeanza kuning'inia maji. Wenye 4 na 5 jumla yao 5 kati ya 32. Moja ya kumi ya 32 ni 3 na kidogo, kwa hiyo kiwango kimevukwa na wale 8 wenye 3 wakaingia. Walionyweshwa wakawa 13, walioachwa 19. Yule mama alikuwa na wasiwasi mkubwa kuhusu hao 19, na nilimwelewa. Tulikubaliana tu kwamba wiki mbili baadaye tutawakagua tena mmoja mmoja.

Lakini kope halikutosha. Kope linakuambia nani ameishiwa damu. Halikuambii kama dawa uliyompa imeua minyoo. Kwa hilo tunahesabu mayai.

Siku ileile, kabla ya kunywesha, tulichukua kinyesi cha mbuzi 10 kati ya wale 13. Kinachukuliwa ndani, kwa kidole kilichovaa glavu iliyolainishwa, siyo cha kuokota chini, kwa sababu cha chini hujui ni cha nani na kina saa ngapi. Punje chache zinatosha, gramu 5 hivi kwa kila mnyama. Zitie kwenye mfuko, kamua hewa yote itoke, funga, andika jina au namba ya mbuzi, weka kwenye kisanduku chenye barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Hewa na joto la Tanga huangua mayai ndani ya siku moja, na yakishaanguliwa hatuna cha kuhesabu. Usigandishe pia. Ipoe tu, na ifike maabara siku hiyo au kesho yake.

Kule maabara kazi siyo ya kutisha. Gramu 4 za kinyesi zinapondwa katika mililita 56 za maji ya chumvi iliyokolea hadi haiyeyuki tena. Maji hayo ni mazito, kwa hiyo mayai huelea na taka huzama. Yanachujwa kwa chujio la chai, kisha yanajazwa katika kioo chenye vyumba viwili vilivyochorwa mistari, kinaitwa kioo cha Makimasta. Baada ya dakika 5, mayai yameng'ang'ania juu chini ya mistari, unayahesabu kwa hadubini. Jumla ya vyumba viwili zidisha mara 50, unapata idadi ya mayai katika gramu moja ya kinyesi. Yule jike wa mapacha: chumba cha kwanza mayai 31, cha pili 29, jumla 60. Mara 50 ni 3,000. Wastani wa mbuzi wote 10 ulikuwa 2,400.

Siku ya 14 tulirudi kwa mbuzi walewale 10. Jike wetu alikuwa na mayai 12 na 14, jumla 26, yaani 1,300. Wastani wa wote ulikuwa 1,080. Hesabu yake ni nyepesi: 1,080 gawanya kwa 2,400 ni 0.45. Maana yake asilimia 45 ya mayai yamebaki, dawa imepunguza asilimia 55 tu. Dawa inayofanya kazi inatakiwa kupunguza asilimia 95 au zaidi. Kwenye zizi lile albendazoli ilikuwa imekwisha, na ilikuwa imekwisha kabla sisi hatujafika.

Wengi hapa hukimbilia kubadili jina la chupa. Angalieni kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Albendazoli, fenbendazoli na oksifendazoli ni ndugu wa tumbo moja, aliyemshinda mmoja kwa kawaida amewashinda wote. Kubadili ni kuhamia ukoo mwingine, kama levamisoli au aivamektini. Pale Amboni, waliobaki wamepauka walipewa levamisoli, na safari hii tulirudi siku ya 7, kwani kwa levamisoli tunapima mapema. Wastani ulishuka kutoka 1,900 hadi 40, yaani asilimia 98. Levamisoli inaendelea kutumika pale, lakini kwa wenye kope lililopauka peke yao. Wakirudia kuwapa wote, nayo itakwenda njia ya mwenzake.

Na wale 19 walioachwa? Katika ukaguzi wa wiki mbili, 16 walibaki 1 na 2, watatu waliingia 3, na mmoja wa hao watatu alikuwa na mimba kubwa, akanyweshwa. Hakufa hata mmoja.

Kabla ya kulaumu dawa, hakikisheni kipimo, maana kipimo kidogo ndicho kinachobakiza minyoo iliyo nusu sugu. Mbuzi siyo kondoo. Ini lake huisafisha dawa haraka zaidi, kwa hiyo kipimo cha kondoo kilichoandikwa kwenye chupa kinamwacha mbuzi na dawa pungufu. Albendazoli kwa mbuzi ni mara mbili ya kondoo, miligramu 10 kwa kila kilo. Levamisoli ni mara moja na nusu tu, na hapo msizidishe kabisa, kwa sababu kati ya kipimo chake kinachoponya na kile kinachodhuru nafasi ni ndogo: mbuzi hutokwa udenda, hutetemeka, anaweza kufa. Muulizeni daktari wa mifugo wa kata kabla ya kubadilisha kipimo. Albendazoli msimpe mwenye mimba changa, ya mwezi wa kwanza. Na maziwa na nyama zingojee siku zilizoandikwa kwenye chupa, au zaidi ya hizo kama daktari amewaongezea kipimo.

Uzito msikadirie kwa macho. Tumieni mzani wa kuning'iniza au utepe wa kifua. Mbuzi wa kilo 24 anahitaji miligramu 240 za albendazoli. Chupa ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 katika kila mililita, kwa hiyo ni mililita 10 kasoro kidogo. Chupa ya asilimia 10 ina miligramu 100, hapo ni mililita 2.4. Chupa hizi mbili zinakaa rafu moja dukani na zinafanana. Aliyezoea ya asilimia 10 akanunua ya asilimia 2.5 na kutoa mililita zilezile amempa mbuzi robo ya dawa. Na bomba lipelekwe hadi nyuma ya ulimi, kichwa kikiwa sawa na mgongo, siyo kimeinuliwa juu. Ikimwagwa mbele ya mdomo, sehemu inatemwa na sehemu inapita njia ya mkato ikiacha tumbo la kwanza, isikae mwilini muda wa kutosha.

Nieleze na mipaka ya haya mambo. Kope linaonyesha upungufu wa damu, halitaji sababu. Kwa ndugu zangu wa Pangani na wanaochunga kuelekea Saadani, kuna mbung'o, na nagana hupausha kope vilevile. Kupe wengi, minyoo ya ini, hata njaa ya muda mrefu, hupausha. Ukiona kope jeupe na mayai ni machache, usirudie dawa ya minyoo kwa hasira, mwite mtaalamu apime damu. Ila kumbuka kwamba mwanzo wa masika minyoo michanga hunyonya damu kabla haijaanza kutaga, hivyo mbuzi anaweza kupauka leo na mayai yakaonekana baada ya wiki mbili. Katika msimu huo kope ndilo linaloamua kunywesha. Kwa upande mwingine, minyoo mingi ya utumbo haipaushi kope, bali inaharisha na kukondesha. Mwenye kope jekundu anayeharisha na kukonda naye ana haki ya kupimwa kinyesi. Wanaofuga kondoo chotara wa Dopa wawe macho zaidi kuliko wenye kondoo wekundu wa Kimaasai. Utafiti uliofanyika Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990 ulionyesha kwamba hao wekundu wanahimili minyoo vizuri zaidi. Andikeni daftari: anayeingia 4 kila masika auzwe, na asiachwe kuzaa, kwani udhaifu huo hurithiwa.

Mwisho, mbuzi wa mnadani. Huyo anakuja na minyoo sugu ya zizi la mtu mwingine. Akifika, mpimeni uzito, mpeni dawa za koo mbili tofauti siku hiyo hiyo, kila moja kwa kipimo chake kamili, na mumweke bandani wiki mbili akiletewa majani. Kinyesi chake cha siku hizo kikusanywe kichomwe au kifukiwe mbali na malisho. Siku ya 14 leteni sampuli. Kama hakuna yai, mtoeni achunge pamoja na wenzake, kwenye malisho yaleyale wanayochungia. Kama mayai yapo, abaki bandani, na mnipigie simu. Sasa tusogee zizini, nimeomba mbuzi sita, na kila mmoja wenu atashika kope kwa mkono wake.